Ujerumani, kimya darasani hupunguza alama

Shikamoo mwalimu. Mwanangu alimfuata baba yake Dortmund akitokea kidato cha pili hapa Tanga. Ripoti yake ina 2 na 3 tupu, na nafasi darasani haikuandikwa. Amefeli? (Mama, Chumbageni)

Marahaba, mama. Hajafeli, anafanya vizuri. Kule 1 ndiyo alama ya juu kabisa na 6 ndiyo ya chini. 2 ni nzuri, 3 inaridhisha, 4 ni ya kupita kwa shida, 5 na 6 ni za kufeli. Usihangaike kuigeuza 2 iwe asilimia kama tulivyozoea huku, ambako 75 kwenda juu ni A, kwa sababu mipaka hubadilika kati ya shule na shule, hata mtihani na mtihani. Wala wanafunzi hawapangwi wa kwanza hadi wa mwisho, kwa hiyo jamaa wakikuuliza amekuwa wa ngapi, waambie shule yake haihesabu hivyo. Wewe angalia kama kuna 5. Zikizidi, anaweza kurudia darasa.

Mwalimu, nina miaka 15, nimetoka Makorora na sasa nasoma Ujerumani. Hisabati mtihani nilipata 2, lakini kwenye ripoti nimepewa 4. Mwalimu anasema siongei. Sijawahi kupiga kelele wala kukosa kazi ya nyumbani. Kosa langu nini?

Mwanangu, hukukosa adabu. Umefanya kile ulichofunzwa huku, ambako kiranja huandika majina ya wapiga kelele na anayenyamaza ndiye mwanafunzi mwema. Kule kushiriki kwa mdomo kunapewa alama yake. Katika masomo yenye mitihani ya kuandika, mara nyingi alama hiyo ni karibu nusu ya ripoti, na katika masomo yasiyo na mitihani hiyo ndiyo karibu yote.

Tupige hesabu yako. Mtihani 2, na tuseme ushiriki 5. Ukijumlisha unapata 7, ukigawa kwa mbili ni 3.5. Hapo mwalimu huamua mwenyewe kati ya 3 na 4, na kwa mtoto asiyesikika kirahisi ataegemea 4. Ungekuwa na 3 ya ushiriki, ungefika 2.5, kwa mtihani uleule.

Anzia dakika za mwanzo za kipindi, mwalimu anapouliza mlijifunza nini mara iliyopita. Hilo ndilo swali jepesi kuliko yote, na jibu lake unaweza kuliandaa jioni: sentensi moja, uitamke kwa sauti chumbani mpaka ulimi uzoee. Darasani inua kidole cha shahada, usisimame, jibu ukiwa umekaa. Usisubiri kuitwa, kwani wengi hawamwiti asiyeinua mkono. Kuuliza ulipokwama nako huhesabiwa, mradi uonyeshe ulipofika: "Nimeelewa hadi mstari wa tatu, huu wa nne umetokea wapi?" Kinachowaponza wengi ni kusubiri sentensi ya Kijerumani isiyo na kosa. Ikishakamilika kichwani, darasa limekwishahamia jambo jingine.

Nenda pia kwa mwalimu baada ya kipindi umwulize ushiriki wako umefikia alama gani. Huko ni swali la kawaida, halichukuliwi kama kiburi. Muulize tena baada ya wiki tano au sita. Akikuambia 5 imekuwa 4, njia ni hiyo. Ikiwa haijasogea, omba kuwasilisha mada fupi mbele ya darasa, maana nayo hupewa alama.

Mjukuu wangu ananiambia kule wanambishia mwalimu na wanamtazama machoni. Mimi nimemlea kwa heshima. Nimkataze? (Bibi, Ngamiani)

Shikamoo bibi. Naomba usimkataze, ila mpe mpaka. Kinachokubaliwa ni kubishana na hoja, na sababu itolewe: "Mimi naona tofauti, kwa sababu kitabu kinasema hivi." Kumdharau mwalimu ni utovu wa adabu hata kule, na huitwa Bwana au Bibi pamoja na jina la ukoo, si jina la kwanza. Kuhusu macho, akiinamisha uso kama tulivyomfunza, mwalimu wa kule anaweza kudhani anaficha jambo. Akirudi likizo, atawainamia wakubwa zake kama zamani. Watoto huweza kubeba adabu zote mbili, nimewaona.

Nimeitwa shuleni kwa mtoto, nina miadi ya dakika kumi. Kafanya nini? (Baba, mzaliwa wa Pangani, sasa yuko Dortmund)

Huenda hakufanya lolote. Shule hupanga siku za wazazi wote kuonana na walimu, kila mmoja kwa dakika chache. Fika kwa wakati, salamu ziwe fupi, kisha uulize alama ya maandishi ni ngapi na ya mdomo ni ngapi, kila moja peke yake. Kama Kijerumani chako bado hakijatosha, omba mkalimani siku kadhaa kabla, na usimtumie mtoto mwenyewe kutafsiri habari zake.