Thabiti si tulivu

*Mwalimu, natengeneza kadi za kurudia somo la mifumo ya udhibiti. Kadi ya kanuni ya Routh nimeipa kichwa "Kipimo cha Utulivu". Mwenzangu ananishikilia niandike "Kipimo cha Uthabiti". Si ni maneno yaleyale?*

Mwenzako amepatia, na "utulivu" huo umenichosha kwa miaka. Niliwahi kuhariri mwongozo wa mafundi ambamo neno hilo moja lilibebeshwa maana mbili katika ukurasa mmoja: juu lilikuwa sifa ya mfumo kutolipuka, chini likawa hali ya mtambo kuacha kutikisika. Fundi anayesoma hivyo atachanganya maswali mawili yasiyohusiana.

Thabiti tumelitoa Kiarabuni, lina maana ya kusimama mahali pake, na thibitisha ni ndugu yake. Tulia ni letu la Kibantu. Basi, tuje baharini.

Jahazi lililorundikiwa magunia juu ya sitaha, bahari ikiwa shwari, limetulia tuli. Hata kikombe cha chai hakimwagiki. Likija wimbi moja la ubavuni linainama, na likishainama linazidi kuinama mpaka linapinduka. Lilikuwa tulivu, halikuwa thabiti. Jahazi la pili lina shehena chini, ngamani. Wimbi likilipiga linalala upande huu, linarudi, linapitiliza upande wa pili, linarudi tena, abiria wanatapika. Halina utulivu hata kidogo, lakini ni thabiti, kwa sababu kila mlalo ni mdogo kuliko uliotangulia. Routh, aliyetoa kanuni yake mwaka 1877, anakujibu kuhusu kupinduka tu. Kutapika hakumhusu.

Sasa tazama mkono wa mashine ya kujaza chupa, ambao fanksheni yake ya uhamisho ni hii, na hesabu zake za kadi zinafuata. wn ni kasi ya mtikisiko kama usingefifia, z ni kipimo cha kufifia, OS ni sehemu inayopitiliza, na Ts ni sekunde za kuingia mahali pake:

```
G(s) = 25/(s^2 + 2s + 25)
wn = sqrt(25) = 5
z  = 2/(2*5) = 0.2
OS = exp(-pi*z/sqrt(1-z^2)) = 0.53
Ts = 4/(z*wn) = 4
```

Namba za asili, yaani za chini ya mstari wa sehemu, zote ni chanya, na kwa daraja la pili hilo linatosha: mfumo ni thabiti. Uamrishe mkono ghafla usogee sentimita 10. Baada ya sekunde 0.64 uko kwenye 15.3, na chupa ya jirani imeshaangushwa. Unarudi hadi 7.2, unakwenda tena 11.5, na huingia ndani ya asilimia 2 ya mahali pake kwenye sekunde ya 4 hivi. Ukiandika kwenye kadi kwamba mkono huu "ni tulivu" kwa sababu umefaulu kipimo, umemdanganya mwenye chupa.

Kwenye daraja la tatu kosa linazidi kuuma. Chukua asili s³ + s² + 2s + 8. Namba zote ni chanya, na wanafunzi wengi huishia hapo. Usiishie hapo. Zidisha mbili za katikati: 1 × 2 = 2. Zidisha mbili za pembeni: 1 × 8 = 8. Zao la katikati lazima lizidi la pembeni, na hapa halizidi, kwa hiyo si thabiti. Mizizi yenyewe inakubali: mmoja ni −2, lakini jozi iliyobaki ina sehemu halisi ya +0.5, na mtikisiko wake hukua badala ya kufifia.

Badilisha ile 2 iwe 10. Katikati ni 10, pembeni ni 8, kipimo kimefaulu. Lakini sehemu halisi ya jozi ya mizizi imekuwa takribani −0.09. Gawanya 4 kwa 0.09 na ushee, kama tulivyofanya kwenye Ts, utaona mtikisiko huo unahitaji zaidi ya sekunde 40 kufifia. Huo ndio mfumo ambao kadi yako ingeuita tulivu!

Kuna wanaotaka "uimara" badala ya yote mawili. Siwapigi vita, ila neno hilo nalihifadhia mfumo unaobaki thabiti hata mzigo ukibadilika au springi ikichoka, ambalo ni suala lingine kabisa.

Kwa hiyo kadi ya Routh iwe "Kipimo cha Uthabiti", na jibu lake liwe ndiyo au hapana. Tulia usilitupe. Lipeleke kwenye kadi ya mwitikio, mbele ya Ts, uandike "muda wa kutulia", na jibu lake liwe sekunde.