Andika bidoni ulizohesabu

“Tulipewa dola 600, tukatengeneza bomba la kartye yetu hapa Goma. Barua ya shukrani inasema tumebadilisha maisha ya watu 3,000. Iko sawa?”

Hapana, mama. Hao 3,000 ni wakaaji wote wa kartye, pamoja na wanaochota ziwani na wanaonunua maji kwa wachuuzi. Mfadhili akiuliza mmewahesabu vipi, mtajibu nini?

Na kumbe hesabu nzuri mnayo, mmeificha ukurasa wa pili! Robine zilikuwa 4, moja tu ikitoa maji. Vijana wenu walikaa hapo Jumanne moja kabla ya kazi na Jumanne moja baada yake, saa 12 asubuhi hadi saa 3, wakihesabu bidoni za lita 20. Kabla zilijaa 68, baadaye 231. Anzeni na hiyo:

*“Mpendwa rafiki, mchango wako ulinunua robine 3 na vali moja, ukalipa na fundi. Jumanne moja kabla ya kazi, bidoni 68 zilijaa kwa saa tatu. Jumanne baada yake, 231. Siku maji yasipofika kwenye bomba, foleni bado ni ndefu. Asante sana.”*

Ile sentensi ya foleni msiifute, ndiyo inayofanya 231 iaminike. Msizidishe kwa siku 365, kwa kuwa maji hayatoki kila siku. Wala msiandike kwamba kipindupindu kimepungua: hamkukipima, na maji safi huchafukia hata ndani ya bidoni.

“Mwishoni nitaje kiasi tunachohitaji tena?”

Usitaje. Shukrani yenye bei mwishoni inasomwa kama ankara, na mtu anajuta kuifungua. Ombi lina barua yake, siku nyingine. Hapa mwonyeshe kazi inakoendelea: *“Kamati imeanza kuchangisha kidogo kidogo kwa ajili ya raba za robine, maana ndizo zinazochakaa kwanza. Baada ya miezi mitatu tutahesabu tena Jumanne, saa zile zile, na tutakuandikia tulichokuta. Tungependa uendelee kuwa nasi. Ukiwa na swali, tuulize.”* Halafu mwandikie kweli. Wengi huahidi, kisha kimya mpaka pesa ziishe.

“Tuweke picha ya mtoto amebeba bidoni?”

Nimeshalijibu hili mara nyingi. Pigeni picha ya robine inayotoa maji. Sura ya mtoto pamoja na jina la kartye, katika mji ulioishi na vita kama huu wetu, vinaweza kumletea hatari. Mzazi kukubali mbele ya mtu aliyeleta maji si kukubali kwa uhuru.

“Risiti iingie humo humo?”

Iende peke yake, siku pesa zinapofika.

“Na kama hesabu ya pili imeshuka?”

Iandike, na sababu yake: raba imekatika, au maji yalikuja siku mbili tu wiki hiyo. Kisha sema nani anairekebisha na lini.