Tangazo la saa za sala: kinachojirudia ni siku, si saa

"Assalamu alaikum wanajukwaa. Kikundi chetu cha darsa hapa Lamu kinataka tangazo la saa za sala liende WhatsApp kila Alhamisi usiku. Nimeandika saa za wiki hii kwenye Google Sheets, na kwenye simu nimeweka *Repeat weekly* ili zijirudie kila wiki. Kuna aliyeniambia sisi tuko karibu na ikweta, saa hazibadiliki. Mnafanyaje?"

Wa alaikumu salaam. Usizirudie! Kabla hujagusa kitu kingine, futa hiyo *Repeat weekly*. Aliyekwambia saa hazibadiliki amekupoteza, na maneno hayo hayo ndiyo tuliyopewa sisi na mtu aliyejiita mtaalamu wa kompyuta. Tulimwamini kwa sababu yanaingia akilini upesi: mchana wetu na usiku wetu karibu sawa mwaka mzima, basi jua litazamaje saa tofauti? Linazama saa tofauti, na si kwa dakika mbili.

Urefu wa mchana kweli haubadiliki sana kwetu. Kinachohama ni mchana wote mzima, kuanzia kuchomoza hadi kuzama. Dunia hailizunguki jua kwa mwendo mmoja, na mhimili wake umeinama, kwa hiyo kuna miezi jua linaitangulia saa ya ukutani na miezi linachelewa nyuma yake. Mwanzoni mwa Novemba jua hapa Lamu linafika utosini karibu saa 6 kamili. Katikati ya Februari linafika karibu saa 6 na nusu. Kuzama nako kunafuata vivyo hivyo: tarehe 3 Novemba jua linazama kama 18:06, tarehe 11 Februari kama 18:36. Nusu saa nzima, na wewe hujaondoka mtaa wako wa Langoni.

Sasa tazama tangazo lako likigandishwa Novemba. Wiki mbili za kwanza litaonekana sahihi kabisa, kwa sababu wakati huo mwendo ni mdogo, dakika moja hivi tu. Kila mtu atakusifu. Ikifika Desemba saa zinaanza kukimbia dakika tatu hadi nne kwa wiki, na hakuna anayeshtuka kwa dakika tatu. Halafu inakuja Februari. Ramadhani ya 1447 iliingia Februari 2026, na ya 1448 inatarajiwa Februari 2027 vilevile. Tangazo linasema Magharibi 18:06, nje jua bado liko juu ya minazi, na mgonjwa au bibi aliye ndani, asiyesikia adhana vizuri, anaangalia simu na kufungua tende yake nusu saa kabla ya wakati. Saumu ya siku hiyo imeharibika. Alfajiri nayo ni hivyo hivyo: anayesali nyumbani kwa kufuata tangazo anasali kabla wakati haujaingia. Hili si kosa la kusahihisha kwa "samahani wanakikundi" kesho yake. Ndiyo maana nina hasira na watu wanaogawa ushauri wasioupima hata kwa kivuli cha kijiti.

Basi fanya hivi. Tengeneza kurasa mbili kwenye jedwali moja. Ya kwanza iite *Ratiba*: safu moja kwa kila tarehe ya mwaka, safu 365, na nguzo sita kwa mpangilio huu: tarehe, Alfajiri, Adhuhuri, Alasiri, Magharibi, Isha. Saa zitoke kwenye kalenda ya msikiti wenu ya Lamu yenyewe. Usichukue ya Nairobi. Lamu iko mashariki ya Nairobi kwa nyuzi 4 na kidogo, na kila nyuzi ni dakika 4, kwa hiyo jua letu linatangulia kwa dakika 16 hivi. Ukifuata Alfajiri ya Nairobi, watu watakuwa wanakula daku na alfajiri imeshaingia. Hata ya Malindi imepishana nasi dakika 3.

Ukurasa wa pili uite *Tangazo*. Hapa hapaandikwi saa yoyote kwa mkono. B1 inatafuta Ijumaa inayofuata, na B2 inakwenda kusoma Magharibi ya tarehe hiyo:

```
=TODAY()+MOD(6-WEEKDAY(TODAY()),7)
=VLOOKUP(B1,Ratiba!A:F,5,FALSE)
```

Hiyo 5 ni nguzo ya tano, Magharibi. Kwa Alfajiri weka 2, kwa Adhuhuri 3, na kuendelea. B2 ikionyesha namba yenye desimali badala ya saa, ibadilishe muonekano kwa *Format > Number > Time*. Neno `FALSE` usiliache wala usilibadilishe. Ukiweka `TRUE`, siku tarehe ikikosekana kwenye *Ratiba* jedwali litachukua kimyakimya safu ya tarehe iliyotangulia na kukupa saa inayofanana na kweli. Kwa `FALSE` litakupa `#N/A`, na mtu akiona `#N/A` hatumi tangazo. Ndivyo tunavyotaka.

Kisha nenda *File > Settings* uhakikishe *Time zone* ni ya Nairobi, GMT+03:00. Hapo Nairobi haidhuru, kwa kuwa saa ya ukutani ni moja nchi nzima. Jedwali likiwa kwenye saa za Marekani, `TODAY()` asubuhi yetu itakuwa bado jana.

Kuna jambo moja zaidi kwenye kujaza *Ratiba*, nalo linawapata hata wenye akili zao. Sisi tunasema Magharibi ni saa 12 na dakika 20, na mkono unaandika 12:20. Jedwali linaelewa hiyo ni adhuhuri. Ubaya wake ni kwamba 12:20 ni saa halali ya Adhuhuri kwetu, kwa hiyo jicho linapita bila kusimama. Ndani ya *Ratiba* andika kwa mtindo wa 18:20 daima, na mwenye kutuma ndiye azigeuze ziwe saa za Kiswahili anapoandika ujumbe.

Darsa ya baada ya Alasiri usiipe saa yake. Ifunge kwenye sala, mfano dakika 20 baada ya adhana, Alasiri ikiwa B4:

```
=B4+TIME(0,20,0)
```

Khutba ni tofauti. Hiyo mnaipanga wenyewe, na hapa Lamu ikiwa ni 12:45 inaweza kukaa pale pale mwaka mzima, maana Adhuhuri haifiki huko hata Februari.

Ukimaliza, pima. Fungua *Ratiba* uangalie Ijumaa mbili zinazofuatana za katikati ya Desemba. Magharibi isipopishana dakika tatu au nne, kuna mtu amenakili wiki moja juu ya nyingine, au kalenda mliyopewa si ya kuaminika. Usipime Novemba mapema wala katikati ya Februari, kwa sababu siku hizo hata jedwali lililoganda linaonekana zima.

Na hiyo *Repeat weekly*, kama unataka simu ikukumbushe Alhamisi usiku, iache iseme "fungua jedwali, tuma tangazo" tu, bila saa ya sala hata moja ndani yake. Umeshaifuta ile ya zamani?