Ankara na namba ya kumbukumbu

> Pesa imeingia, mbona ankara bado inasema haijalipwa?

Ndugu, angalia kwanza nafasi tupu ndani ya namba ya kumbukumbu aliyoandika mteja. Mauzo yakihifadhiwa, mfumo huyapa namba, tuseme 539007547034. Huongeza 271500 mwishoni (R ni 27, F ni 15, kisha 00), hugawa kwa 97, na kutoa baki kwenye 98. Baki ni 80, hivyo tarakimu za ukaguzi ni 18, na namba ya kumbukumbu ni RF18539007547034. Mteja akikosea tarakimu moja, hesabu inakataa.

Tatizo ni kwamba ankara huichapa namba hiyo kwa mafungu ya nne nne, na wateja hunakili na nafasi zake. Ziondoe kabla ya kulinganisha. Kumbukumbu ikilingana, ndipo ulinganishe kiasi. Kikipungua, mara nyingi ni makato ya benki, basi iache ankara wazi kwa salio.