Mshahara na kiduka cha pembeni: ritani ni moja, na faida inakaa juu ya mshahara

Swali: "Wakuu, mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Lamu, PAYE nakatwa kila mwezi. Pembeni nina kiduka cha madira na leso kule Langoni, mauzo hayafiki milioni kwa mwaka. Nijaze ritani mbili? Na hii faida nailipia kodi vipi ilhali mshahara ushakatwa?"

Mwalimu, ritani ni moja. PIN yako ni moja, mapato yako yote ya mwaka yanaingia kwenye fomu moja ya mtu binafsi, na mwisho wake KRA wanakutolea ile PAYE uliyokwisha kukatwa. Mimi nafanya kazi ya ofisini na pembeni nauza nyavu, mishipi na kamba za wavuvi, kwa hiyo fomu hii naijaza kila mwaka na najua inapouma.

Inauma hapa. Mwajiri wako anapokukata PAYE, anatumia viwango vya chini vyote kwenye mshahara: shilingi 288,000 za mwanzo za mwaka kwa asilimia 10, 100,000 zinazofuata kwa asilimia 25, halafu asilimia 30 mpaka ufike kwenye mishahara ya wakubwa ambayo mimi na wewe haituhusu. Nafuu ya kibinafsi ya 28,800 kwa mwaka nayo anakupa yote. Duka linapokuja kwenye hesabu halikuti kiwango cha asilimia 10 kilichobaki wala nafuu iliyobaki. Faida inapanda juu ya mshahara, na kila shilingi yake inakatwa asilimia 30 tangu ile ya kwanza. Watu wengi hudhani faida ndogo italipiwa kodi ndogo, halafu wanaona salio kwenye skrini wanadhani mashine imekosea.

Tuifanye kwa namba za mwaka wa 2025, namba za kubuni lakini zinazofanana na biashara kama yako. Tuseme P9 yako, ile karatasi ya mwajiri ya mshahara na makato ya mwaka, inaonyesha mapato ya kutozwa kodi, baada ya kuondolewa NSSF, SHIF na ushuru wa nyumba, ni 540,000. Kodi yake ni 28,800, jumlisha 25,000, jumlisha 45,600 ya zile 152,000 zilizobaki. Jumla 99,400. Toa nafuu 28,800, inabaki 70,600, na hiyo ndiyo PAYE utakayoiona chini ya P9.

Sasa duka. Umeuza 720,000. Hapa usitoe tu pesa ulizotuma Mombasa kununua mzigo, maana mzigo mwingine bado unaning'inia dukani. Uliingia Januari na mali ya 40,000, ukanunua ya 450,000, na tarehe 31 Desemba ukihesabu rafu unakuta mali ya 70,000 kwa bei ya kununulia. Kwa hiyo mali iliyouzwa ilikugharimu 420,000, na faida ghafi ni 300,000. Hiyo hesabu ya Desemba usiifanye kwa kukisia mwezi wa Juni. Keti jioni moja na daftari, uhesabu dira kwa dira. Na yale madira yaliyotoka dukani kwenda kuvaliwa nyumbani na kwa mashemeji siyo gharama ya biashara. Hayo ni matumizi yako, yatoe kwenye manunuzi.

Baada ya hapo toa kodi ya pango 72,000, usafirishaji wa mizigo kwa basi mpaka Mokowe na boti ya kuvukia 30,000, leseni ya kaunti 6,000, na makato ya M-Pesa ya biashara 12,000. Inabaki 180,000. Kabati la vioo ulilonunua kwa 40,000 halitolewi lote mwaka huo. Fanicha hutolewa kwa asilimia 10 kila mwaka, yaani 4,000. Faida yako ya kodi: 176,000.

Unganisha: 540,000 na 176,000 ni 716,000. Kodi ya jumla hiyo, kwa viwango vilevile, ni 152,200. Toa nafuu 28,800, inabaki 123,400. Toa PAYE 70,600. Unadaiwa 52,800, ambayo ukiitazama ni asilimia 30 kamili ya 176,000. Mshahara haukutozwa mara mbili hata senti.

Kwenye iTax kuna fomu nyepesi iliyoandikwa "ITR For Employment Income Only". Hiyo si yako tena, hata kama ndiyo vijana wa saiba wanayoikimbilia kwa kuwa inaisha kwa dakika chache. Wewe shusha ile kamili ya Excel ya mkazi. Ushauri wangu ni huu: kabla hujagusa duka, jaza mshahara peke yake jinsi P9 inavyosema, kila kato mahali pake, kisha nenda karatasi ya `T_Tax_Computation` uangalie salio. Lazima liwe sufuri au shilingi chache tu za kukadiria. Likiwa kubwa, shida iko kwenye P9 au kwenye ujazaji wako: labda kato moja limesahauliwa, labda umeandika PAYE kabla ya nafuu badala ya baada yake. Irekebishe hapo hapo. Ukishaingiza duka, makosa ya mshahara na kodi halali ya biashara yanachanganyika, na hutajua kipi ni kipi. Salio likiwa sufuri ndipo uingize mauzo, mali na gharama, na salio jipya ulilinganishe na asilimia 30 ya faida yako. Namba zikikubaliana, bonyeza Validate, pakia faili, uhifadhi stakabadhi inayotoka.

Sasa kuhusu ushahidi, kwa sababu kwako kila 10,000 ya gharama inayokataliwa ni 3,000 ya kodi. Tangu Januari 2024 gharama ya biashara inatakiwa iwe na ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, isipokuwa chache kama mishahara. Karatasi ya kuandikwa kwa mkono kutoka duka la jumla la leso haitoshi. Ukinunua, mpe muuzaji PIN yako aiandike kwenye ankara pale pale. Ankara ya eTIMS isiyo na PIN ya mnunuzi haijui kama ulinunua wewe. Muuzaji mdogo asiye na mashine anaweza kuitoa kwa simu ya kawaida kupitia `*222#`. Kuna mfanyabiashara mmoja niliyekuwa nachukua kwake kamba, kila nikidai ankara anasema "hiyo bei itapanda". Nilipiga hesabu: alikuwa ananipunguzia shilingi mia tano kwa mzigo wa 10,000 ili mimi nikose kutoa gharama yenye thamani ya 3,000 kwenye kodi. Nikahama.

Katika mfano wetu, chukulia nusu tu ya manunuzi, 225,000, haina ankara. Kodi inaongezeka 67,500, zaidi ya ile 52,800 yote ya mwanzo. Ndiyo maana sioni haja ya kubishana sana juu ya gharama za vocha na bando. Pigania manunuzi ya mali, huko ndiko pesa iliko. Upande wa mauzo, tumia namba ya M-Pesa ya biashara peke yake. Michango ya chama na pesa za harusi zikipita humo, siku ukiulizwa itakubidi ueleze kila muamala ambao si mauzo.

Jambo linalowashangaza wengi: mwisho wa kuwasilisha ritani ni 30 Juni, lakini mwisho wa kulipa salio ni 30 Aprili. Mwajiriwa mtupu haimhusu kwa kuwa hana salio, ndiyo maana walimu wenzako hawatakwambia. Ukilipa 52,800 mwezi wa Juni, kuna faini ya asilimia 5, yaani 2,640, na riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi, 528. Hesabu yako iwe tayari Machi. Unatengeneza namba ya malipo, PRN, kwenye iTax, halafu unalipa kwa Paybill 222222 ukiweka hiyo PRN kama namba ya akaunti.

Na kwa sababu salio limepita 40,000, mwaka unaofuata unaingia kwenye malipo ya awamu: tarehe 20 za Aprili, Juni, Septemba na Desemba. Njia rahisi ni kuchukua kodi ya mwaka uliopita, kuiongeza asilimia 10 na kuigawa mara nne: 58,080 kwa nne, 14,520 kila awamu. Ukiona biashara imelala unaweza kukadiria upya kwa mwaka wenyewe, lakini kadiria kwa haki.

Mwaka duka likipata hasara usitegemee ikupunguzie kodi ya mshahara. Sheria inatenganisha vyanzo. Hasara ya duka inasubiri faida ya duka miaka inayofuata. Bado iandike kwenye ritani, maana hasara isiyoandikwa hutaidai kesho.

Kuhusu milioni moja uliyoitaja: hiyo ni mauzo, si faida, na wewe kwa 720,000 hujafika. Ila Lamu tunajua Idd na Maulidi zinaweza kufanya nini kwa duka la madira. Mauzo yakipita milioni, mpaka milioni 25, unaingia kwenye kodi ya mauzo, TOT, asilimia 3 ya mauzo yote bila kutoa gharama, inalipwa kila mwezi, mwisho tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Hiyo ni kodi ya mwisho, kwa hiyo mauzo yale hayaingii tena pamoja na mshahara. Kwa mtu wa kiwango chako cha asilimia 30, TOT inaanza kuwa nafuu faida ikizidi shilingi 10 kwa kila mia ya mauzo. Madira yako yanazaa karibu 25 kwa mia, TOT ingekuwa nafuu kubwa kwako. Nyavu zangu kuna miaka hazifiki 8, kwa mimi asilimia 3 ya mauzo ni mzigo, na sheria inaruhusu kumwandikia Kamishna kwamba unachagua kubaki kwenye kodi ya kawaida. Kabla hujafika huko, fungua cheti chako cha PIN uone orodha ya majukumu. Kama kuna mtu wa saiba alikusajilia TOT bila kukuuliza, iTax inakusubiri uwasilishe kila mwezi hata kama hujui, na jukumu hilo uombe lifungwe kwanza.