Fugwe kwenye hindi bichi: lini ni mboga, lini ni ya kutupa

Mwezi wa nane mwaka juzi nilimenya hindi shambani nikalitupa chini kwa kushtuka. Ncha yake ilikuwa imefura, maganda yamepasuka, na pale ambapo punje zilipaswa kujipanga kulikuwa na vitu kama vidole vya mtoto vilivyovimba, vyeupe vyenye mng'ao wa fedha, vimebanana. Nikakibonyeza kimoja. Kilikuwa laini kama uyoga, na chini ya ngozi rangi ya kijivu ilikuwa inapita kama wino ndani ya maziwa.

Ninaishi Des Moines, jimbo la Iowa, Marekani, na kwetu ni Mbozi. Hapa mjini tunakodi vipande vya bustani ya jamii, Wakongo, Warundi na sisi wachache kutoka Tanzania, na kila mtu anapanda mahindi ya kuchoma kwa sababu ya madukani ni matamu kama peremende na hayana utafunaji. Kipande cha jirani yangu analima bibi mmoja kutoka Meksiko. Aliponiona nimeshika lile hindi kwa ncha za vidole, akaja haraka, akalipokea kwa mikono miwili. Mwanawe akanitafsiria: "Mama anauliza kama unalitaka. Kama hulitaki, anaomba."

Siku ile nilijifunza kwamba ugonjwa huu, ambao sisi tunauita fugwe, Meksiko ni chakula chenye jina lake, witlakoche, na msimu wa mvua watu wanautafuta sokoni kama sisi tunavyotafuta uyoga wa porini. Nimeula tangu hapo mara nyingi. Lakini sitaki mtu asome sentensi hiyo aende jikoni na kila hindi jeusi analoliona. Naomba usome mpaka nifike kwa shangazi yangu.

Nianze na jinsi unavyotokea, maana ukijua hilo macho yako yatakuwa makali zaidi. Fugwe ya kawaida ni kuvu. Mbegu zake, vumbi jeusi jepesi sana, hukaa kwenye udongo na mabaki ya mahindi kwa miaka, kisha upepo na matone ya mvua huzirusha juu ya mmea. Zikipata sehemu changa inayokua, hasa yenye jeraha, zinaingia. Jani, bua, mbelewele, popote panaweza kuota uvimbe. Ila kwenye hindi lenyewe mlango mkubwa ni ndevu. Kila uzi wa ndevu umeungana na punje moja. Chavua ikitua kwenye uzi na punje ikatunga, uzi ule hunyauka na kujikata pale chini, njia ikafungwa. Chavua ikichelewa, uzi unabaki mbichi, na kuvu hushuka nao taratibu mpaka kwenye punje. Punje ile badala ya kujaa wanga inajaa kuvu, inafura mara nyingi kuliko ukubwa wake.

Ndiyo maana mimi nilipata na jirani yangu mwaka ule hakupata, ingawa udongo ni mmoja. Mimi nilipanda mistari miwili mirefu kandokando ya uzio. Chavua ya mahindi huletwa na upepo, na kwa mistari miwili sehemu kubwa iliruka ikaenda mtaani. Yeye alipanda mistari minne mifupi kwa umbo la mraba, mmea ukamwagia mwenzake. Tena mwisho wa mwezi wa sita ilinyesha mvua ya mawe iliyochana majani, nami nikaongeza mbolea ya kukuzia kwa huruma, nikifikiri nayasaidia kupona. Mbolea ya naitrojeni nyingi inaupa mmea nyama laini ambayo kuvu huipenda.

Sasa swali la kula. Uvimbe mchanga wa fugwe ya kawaida, uliotoka kwenye hindi bichi, ni salama kuliwa. Wenyeji wa Meksiko wameula vizazi kwa vizazi, nao si chakula cha njaa, ni kitu cha kualikia wageni. Kinachopima usalama na ladha ni umri. Yule bibi huhesabu siku tangu ndevu zitoke: wiki mbili na nusu hivi, mpaka tatu, basi. Yangu yalitoa ndevu tarehe 20 mwezi wa saba, na lile hindi tulilivunja tarehe 8 mwezi wa nane, siku ya 19. Alikata uvimbe mmoja katikati akanionyesha. Ndani palikuwa na unyevu, kijivu na cheusi vimechanganyika kama marumaru, na ngozi ya nje bado nzima, haijapasuka hata mahali pamoja. Hiyo ndiyo yenyewe. Ukikata ukakuta ndani ni peupe kote, ni mapema mno, ladha haijaja na kuna uchungu kidogo. Ukikuta ngozi imekauka kama karatasi na ndani ni unga mweusi unaokufuata mkononi, umechelewa. Unga ule si wa kula, na usiupulizie usoni, kwa sababu ni mbegu za kuvu zenyewe na watu wenye pumu unawasumbua.

Kuna mambo mengine yanayonifanya niache uvimbe hata ukiwa na umri mzuri. Ukiwa umetobolewa na kiwavi, au una majimaji yenye harufu ya kuchacha, au una ukungu wa rangi nyingine juu yake, naukata na kuutupa, kwa kuwa kuvu nyingine zimeshaingia kupitia kidonda na hizo sizijui nia yake. Ikiwa shamba lilipigwa dawa karibuni, siuli kabisa mpaka siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa ziishe, kama ambavyo nisingekula mchicha. Na anayedhurika na uyoga aanze na kijiko kimoja, angoje kesho yake.

Upishi wake hauna makuu. Unaubandua uvimbe na kisu karibu na gunzi, unaupitisha kwenye maji haraka bila kuuloweka, unaukatakata. Kaanga kitunguu na kitunguu saumu, tia pilipili mbichi, tia punje chache za hindi bichi kama unazo, kisha mimina fugwe. Itatoa maji meusi tii, usiogope. Acha yachemke mpaka yakaukie, dakika 15 hivi. Bibi yule anakunjia ndani ya tortiya, yaani chapati nyembamba ya mahindi, pamoja na jibini. Mimi nimeila na ugali na ikakubali vizuri sana, maana ladha ni ya uyoga na hindi bichi kwa pamoja, na harufu fulani ya udongo baada ya mvua. Punje nzuri zilizobaki kwenye hindi lile lile nazo ni salama, unakata sehemu iliyovimba na kuchemsha iliyobaki.

Basi niliwatumia nyumbani picha ya sahani. Siku mbili baadaye shangazi akanitumia picha ya hindi kutoka shambani kwake Mbozi. "Mwanangu, na mimi ninalo. Naweza kupika?"

Nilimpigia simu hapo hapo. Lile hindi lilikuwa fupi na la duara kama chungwa. Nikamuuliza kama lilikuwa na ndevu. Akasema halikuwa nazo hata moja, ndiyo maana alilimenya. Ndani hapakuwa na punje wala vivimbe vya kuhesabu. Hindi zima lilikuwa donge moja la unga mweusi, na katikati ya unga nyuzi ngumu kama za katani. Nikamwomba atazame juu ya mmea. Mbelewele nayo ilikuwa nyeusi, nusu yake imegeuka vijani vijani.

Hiyo ni fugwe ya kichwa, kuvu ndugu wa ile lakini si ile. Hii haingii kwa ndevu. Inamkamata mche ukiwa bado mdogo ardhini, inapanda ndani ya mmea kimya kimya, na huioni mpaka mmea utoe mbelewele na hindi. Unapoligundua mara nyingi limeshakuwa unga, kwa hiyo hapo hakuna mboga. Nilimwambia asilipike, asimpe ng'ombe, na asilitikise. Aliyafunika mahindi ya namna hiyo kwa mfuko yakiwa bado kwenye mmea, akayakata pamoja na mfuko, akayachoma. Yalikuwa kumi na moja.

Tukiwa bado kwenye simu akanionyesha mengine, na hapa ndipo nilipoogopa zaidi kuliko kwenye lile jeusi. Yalikuwa mahindi ya kawaida kwa umbo, punje zimepangika vizuri, ila mengine yana utando wa waridi na mweupe kati ya punje, na mengine vumbi la kijani kibichi lenye umanjano nchani. "Haya si yana fugwe kidogo tu?" Hapana, shangazi. Fugwe inafurisha. Punje yenye fugwe inakuwa kubwa kupita kiasi. Punje iliyooza kwa ukungu inabaki na ukubwa wake au inasinyaa, na rangi inakaa juu yake. Ule wa kijani ndio unaoweza kuwa na sumukuvu ya aflatoksini, ambayo huioni, huionji, na kuchemsha au kupika ugali hakuiondoi. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya, kati ya 317 waliougua. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba Wameksiko wanakula mahindi yenye ukungu, mrekebishe. Wanakula aina moja ya kuvu, changa, yenye uvimbe na ngozi yake nzima. Ukungu unaotambaa juu ya punje hawali, na wewe usile.

Shangazi alikuwa amepanda mbegu aliyojitunzia mwenyewe kwa misimu minne, pale pale pasipobadilishwa zao. Kwa fugwe ya kichwa, mbegu iliyotiwa dawa inasaidia kwa sababu adui anamvizia mche. Kwa ile ya kawaida haisaidii, kwani inakuja kwa upepo miezi baadaye. Alinunua mbegu iliyotiwa dawa, na kile kipande kilichougua zaidi akakipanda maharage. Mimi hapa nimehamisha mahindi kutoka kwenye uzio, nikapanda mistari minne mifupi kama bibi jirani, na mwaka jana nilipata hindi moja tu lenye uvimbe. Nilimpelekea yeye, naye akanirudishia nusu ya sahani.