Integresheni kwa sehemu: alama iliyopotea na u iliyochaguliwa vibaya

Mwalimu, mimi ni wa mwaka wa kwanza hapa Maseno. Kwa ∫x e^(−2x) dx nilipata −½x e^(−2x) + ¼e^(−2x) + C. Nimekosea wapi? u yangu ilikuwa x.

u = x ni chaguo zuri, maana ukiidifarenshieti inabaki 1 na kazi inapungua. Shida imeanza baadaye. Kanuni ni ∫u dv = uv − ∫v du, na hapa v = −½e^(−2x). Andika hatua ya pili ukiwa umeifungia v kwenye mabano:

−½x e^(−2x) − ∫(−½e^(−2x)) dx

Alama ya kutoa ya kanuni inakutana na ile ya v, zinakuwa kujumlisha: + ½∫e^(−2x) dx. Naamini mpaka hapo ulikuwa sawa. Lakini integrali iliyobaki nayo inazaa −½e^(−2x), kwa hiyo kipande cha mwisho ni −¼e^(−2x). Alama za kutoa zilikuwa tatu, wewe ukazihesabu mbili. Jibu ni −½x e^(−2x) − ¼e^(−2x) + C.

Ungeweza kulinasa kosa hili bila kumsubiri mhadhiri asahihishe. Difarenshieti jibu lako: utapata x e^(−2x) − e^(−2x), yaani kuna e^(−2x) ambayo haikuwemo kwenye swali. Njia nyingine ni kuweka mipaka 0 na 1. Kati ya hapo x e^(−2x) haishuki chini ya sifuri, kwa hiyo eneo haliwezi kuwa hasi. Jibu lako linatoa karibu −0.284, lililo sahihi linatoa karibu 0.148.

Tulifunzwa kwamba polinomia ndiyo inakuwa u. Nikafanya hivyo kwa ∫x ln x dx, nikakwama. Niko Kakamega.

Wengi mnatoka kidato cha nne mkiwa mmeintegreti polinomia pekee, ndiyo maana sheria hiyo inawashika sana. Inafaa polinomia ikiwa imezidishwa kwa e^x, sin x au cos x, kwa sababu hizo huintegretika bila kuwa ngumu zaidi. ln x si hivyo: ukiidifarenshieti inakuwa 1/x, nyepesi kabisa, lakini ukiiintegreti inakuwa x ln x − x. Basi ipe ln x nafasi ya u, na dv iwe x dx:

½x² ln x − ∫½x² · (1/x) dx = ½x² ln x − ¼x² + C

Hata hivyo njia yako haikuwa kosa. Ukiendelea nayo utapata x² ln x − x² − ∫(x ln x − x) dx, na ndani yake integrali ya mwanzo imerudi. Iite I, ihamishie upande wa kushoto, gawanya kwa 2, na jibu ni lilelile. Anayesahihisha asikunyime alama za njia hiyo. Ni ndefu tu.

Kwa ∫e^x sin x dx nilifanya mara mbili nikaishia 0 = 0. Mwenzangu hapa Njoro yeye alipata e^x(sin x − cos x) = 0. Nani yuko karibu na jibu?

Mna makosa mawili tofauti. Wewe alama zako ni sawa, ila ulibadilisha majukumu katikati. Mara ya kwanza u ilikuwa sin x. Mara ya pili ukaifanya e^x kuwa u, na hivyo ukatengua kazi uliyokwisha kufanya. Mwenzako alidumu na chaguo lake, lakini alisahau mabano. Mstari wake ulitakiwa uwe hivi:

I = e^x sin x − (e^x cos x + I)

Alama ya kutoa iliyo nje ya mabano inazigusa zote mbili. Yeye aliigusisha e^x cos x tu, akaacha + I, na I zikafutana. Ikifanywa vizuri, 2I = e^x(sin x − cos x), kwa hiyo I = ½e^x(sin x − cos x) + C.

Ukiona 0 = 0 katika swali la namna hii, rudi uangalie chaguo la u. Ukiona kitu ambacho si sifuri kimeambiwa ni sifuri, tafuta alama. Yeye ndiye aliye karibu: anarekebisha alama moja, wewe unarudia hatua nzima ya pili.

Nikitafuta v, niweke C? Mimi ni wa Kisumu.

Si lazima, itajifuta yenyewe. Lakini mara nyingine inasaidia: kwa ∫ln(x+1) dx, chukua v = x + 1 badala ya x. Integrali inayobaki ni ∫1 dx, na jibu ni (x+1)ln(x+1) − x + C.